Anakuchangamkia kwa sababu ya kazi au kwa sababu yako? Ulinganisho kabla ya kutuma ujumbe

Nilihudumu miaka minne katika mkahawa mmoja wa Kamalondo, kisha nikauza vitenge miaka mitano katika duka la katikati ya jiji la Lubumbashi. Katika miaka hiyo tisa nilipokea ujumbe mwingi wa wateja, na wengi wao walikuwa watu wenye adabu waliokosea jambo moja tu, yaani walidhani uchangamfu niliowaonyesha ulikuwa wao peke yao. Sasa mdogo wangu anakula chakula cha mchana mahali pamoja kila siku kwa ajili ya mhudumu mmoja, na juzi aliniuliza, "Yaya, wewe ulikuwa upande ule wa kaunta. Niambie, ananichekea mimi ama anachekea kazi?" Nilichomjibu ndicho ninachokiandika hapa kwa urefu zaidi. Nitazungumzia mwanamume anayemwelekea mwanamke aliye kazini kwa kuwa ndiyo niliyoyaona, ila mwanamke aliyevutiwa na mhudumu wa kiume atakuta hesabu ni ile ile.

Kosa la kwanza limo katika swali lenyewe. Mteja hujiuliza kama tabasamu lile ni la kweli au la kuigiza, kisha akiona macho nayo yanacheka, huamua kwamba ni la kweli na kwa hiyo ni lake. Sehemu ya kwanza anaweza kuwa amepatia, lakini ya pili haitokani nayo. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Russell Hochschild, aliyechunguza kazi ya wahudumu wa ndege na kuandika juu yake mwaka 1983, alionyesha kwamba wahudumu hao hawakufundishwa kutabasamu kwa midomo tu. Walifundishwa kuiona ndege kama sebule yao na abiria kama wageni wao, hadi hisia yenyewe ije. Mimi sikupitia mafunzo ya namna hiyo, lakini ninajua jambo hilo kwa mwili wangu. Nilikuwa nikifika dukani nimenuna kwa sababu ya basi au ya mvua, naanza kucheka kwa kujilazimisha, na kufikia saa nne asubuhi kicheko kimekuwa changu. Mteja aliyeingia saa hiyo nilimfurahia kweli. Sikumtaka, lakini nilimfurahia, na asingeweza kuona tofauti hiyo usoni mwangu hata angekuwa na macho makali namna gani.

Kosa la pili liko kwa mtazamaji. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Antonia Abbey alichapisha jaribio ambalo mwanamume na mwanamke wasiojuana walizungumza kwa dakika 5, huku mwanamume na mwanamke wengine wakiwatazama bila wao kuwaona. Wanaume, aliyezungumza na aliyetazama pia, walimwona yule mwanamke kuwa mtongozaji zaidi ya walivyomwona wanawake. Tena pale hapakuwa na mtu aliyelipwa ili awe mchangamfu. Weka juu ya tabia hiyo mshahara, asilimia ya mauzo na mwenye duka anayechungulia, kisha ufikirie ni mara ngapi mtu anaweza kujidanganya.

Kwa hiyo acha kuuliza kama uchangamfu wake ni wa kweli. Uliza hivi: kitendo hiki, je, kazi yake inakilipia? Na swali la pili linalolifuata: kama asingependa kukifanya, angeweza kukiacha bila kupata hasara? Kitendo ambacho kazi inakilipia, au ambacho hawezi kukiacha bila kugombezwa, hakikuambii lolote kuhusu moyo wake. Hakisemi anakupenda na hakisemi hakupendi.

Tuanze na kumbukumbu, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi. Mteja anarudi baada ya miezi miwili na muuzaji anamwita kwa jina, anauliza kama mama yake alifurahia kile kitenge cha kijani, na anajua kwamba alichukua nusu pisi, yadi 3. Ni nani angekumbuka hayo yote bila kupenda? Mimi, na kwa njia rahisi sana. Chini ya kaunta tulikuwa na kaye yenye mistari, na katika kila ukurasa tuliandika jina la mteja, namba ya simu, alichonunua, na alimnunulia nani. Mama mwenye duka aliikagua kila Ijumaa. Mteja mzuri alipoonekana anavuka barabara, mmoja wetu aliinama kama anayetafuta mkasi, akafungua kaye, akasimama wima na jina tayari mdomoni. Kwenye mkahawa hatukuwa na kaye, lakini meza zilikuwa chache na watu walikula vile vile kila siku, kwa hiyo kukumbuka kwamba fulani hataki pilipili kwenye michopo kulikuwa sehemu ya kazi kama kufuta meza.

Kumbukumbu inayosema kitu ni ya jambo lisilo na soko. Ulitaja wakati unangoja chenji kwamba wiki ijayo una mtihani pale chuo kikuu, na wiki iliyofuata akauliza ulikwendaje, kabla hujagusa kitambaa chochote, kisha akasikiliza jibu hadi mwisho. Hata hiyo peke yake haitoshi, maana wapo wauzaji wenye moyo mpana wanaouliza watu wote. Inatosha tu kukufanya uendelee kutazama.

Namna anavyokuita ina maana zaidi kwetu kuliko watu wanavyodhani. Anapokuita Papa hali una miaka 27, au anapokuita patroni, amekupa heshima na papo hapo ameweka uzio, na yeye mwenyewe anajua kwamba ameuweka. Neno "sheri" halina uzito wowote, kwa kuwa sokoni hata mzee anayenunua kapenta huitwa sheri mara tatu kabla hajalipa. Kinachostahili kutazamwa ni kuhama: alikuita Papa kwa miezi, kisha siku moja akauliza jina lako na tangu hapo analitumia, tena analitumia hata mwenye duka akiwapo. Na usisahau kuhama kwa upande wa pili. Mhudumu aliyekuwa akikuita kwa jina, akarudi kwenye Papa siku mbili baada ya wewe kumsifia mavazi yake, amekwisha kukujibu.

Mazungumzo nayo yapimwe kwa wakati ambao hayana faida. Nilipokuwa nikimwonyesha mtu waksi niliweza kuzungumza naye dakika 20 kwa furaha, kwa sababu kitambaa ni kitu cha kuzungumziwa, na kwa sababu mteja anayecheka hununua pisi nzima ya yadi 6 badala ya nusu. Siku aliyokuja bila fedha, akasema anapita tu, nilikuwa na sekunde chache za adabu kisha nilirudi kukunja vitambaa. Hiyo haikuwa jeuri. Wewe unaweza kujifanyia jaribio hilo bila hila yoyote, kwa kupita siku moja usiyonunua kitu na kutazama mazungumzo yanaishia wapi, na nani anayeyamaliza. Kwenye mkahawa, usijipime siku ambayo Mazembe imecheza na viti vyote vimejaa, kwa maana siku hiyo hakuna anayepata zaidi ya sahani yake.

Kuna kitendo kimoja kilichowachanganya hata wenzangu wa kazi, nacho ni muuzaji kukwambia usinunue. Anakwambia kitenge hiki kitachuja rangi, ngoja mzigo mwingine. Amepoteza mauzo kwa ajili yako, au sivyo? Kwa nusu tu. Muuzaji anayejua kazi anapoteza pisi moja leo ili uamini kila atakachokwambia mwaka mzima, na mimi nilifanya hivyo kwa wateja ambao hata nyuso zao sikuzipenda. Usikihesabu.

Kumgusa mtu bega, kucheka kwa sauti, kukusifia shati, kukuongezea mchuzi: hayo nayapita haraka, kwani yote hulipiwa na purbuar, ile bakshishi anayoiacha mteja.

Sasa upande wa pili wa mizani. Nilikuwa na mwenzangu dukani aliyekuwa msemaji kutushinda sote. Alimtania kila mteja, aliwavika vitenge mabegani, aliwaita wazee "bwana arusi". Akatokea mwalimu mmoja wa sekondari, mnunuzi mdogo kabisa, aliyekuja kutafuta kitambaa cha bitana. Alipoingia mara ya tatu, yule msemaji wetu akanyamaza. Alipima kitambaa, akakosea, akapima tena, mkasi ukamponyoka ukaanguka sakafuni, na hakusema hata neno moja la utani. Mwalimu alitoka akidhani amemchukiza. Sisi tuliobaki tulitazamana, maana kwa mara ya kwanza tulimwona akiwa na mteja ambaye hakujua la kumwambia. Mapenzi yakimwingia mtu ambaye kazi yake ni kuchangamka, mara nyingi yanamtoa kwenye mazoea yake, na kumtoa huko kunaweza kumfanya aonekane baridi. Ndiyo sababu haifai kumlinganisha na wanawake wengine unaowajua. Mlinganishe na yeye mwenyewe mbele ya meza ya pili, na kwa kufanya hivyo unahitaji kukaa na kumtazama akiwahudumia wengine, jambo ambalo mtu aliyependa huwa hana subira nalo.

Baada ya wiki chache alifanya mambo mawili ambayo kaye yetu haikuyaomba. Alimwambia mwalimu, bila kuulizwa, kwamba Jumatatu mchana huwa hayuko kazini. Kisha akampa namba yake mwenyewe, ingawa namba ya duka ilikuwa imechapishwa kwenye mfuko wa plastiki aliokuwa ameushika. Siku ya mapumziko na namba binafsi ni vitu viwili ambavyo mfanyakazi hulinda kuliko vyote, kwa sababu mteja akishavipata hana tena mlango wa kufunga. Mtu akikupa kimoja bila kuombwa, una sababu nzuri ya kuthubutu. Akikupa vyote viwili, sioni unangoja nini.

Hapo ndipo inafaa kutofautisha simu na simu, kwa sababu makosa ya siku hizi yanatokea humo. Namba uliyonayo uliipata wapi? Namba ya duka hushikwa na yeyote aliye zamu, na picha za mzigo mpya unazotumiwa Jumamosi zimetumwa kwa watu wote walio kwenye kaye. Namba iliyobaki kwenye simu yako baada ya kulipa kwa M-Pesa au Airtel Money, pamoja na jina lake kamili, alikupa ili fedha ifike. Kuiandikia usiku ni kama kumfuata mtu nyumbani kwa sababu tu ulimletea mzigo hapo mara moja. Na namba aliyokuandikia kwa mkono wake akakwambia "hii ni yangu" ni kitu kingine kabisa.

Wengi huniambia, "Lakini yeye hutazama statasi zangu zote." Kwenye WhatsApp, kwa mpangilio wa kawaida, statasi yako huonekana kwa mtu uliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yako. Muuzaji aliyehifadhi namba za wateja mia kadhaa huzipitisha statasi zao kwa kidole gumba wakati wa mapumziko, moja baada ya nyingine, na nyingine hujifungua zenyewe. Jina lake kwenye orodha ya waliotazama linathibitisha kwamba namba yako iko kwenye simu ile. Halithibitishi zaidi ya hapo.

Kisa ninachokikumbuka zaidi kilimpata mteja mmoja fundi wa mitambo, mtu mpole, aliyekuwa akimnunulia dada yake vitenge. Duka lilikuwa limeanza kutumia WhatsApp ya biashara. Programu hiyo ina ujumbe wa salamu ambao mwenye akaunti huuandika mara moja, nao hujituma wenyewe kwa mtu anayeandika kwa mara ya kwanza, au anayeandika tena baada ya siku 14 za kimya. Mama mwenye duka alikuwa ameandika: "Karibu tena, mpendwa wetu! Tulikukumbuka sana," pamoja na moyo mwekundu. Fundi alikuwa kazini Likasi kwa wiki tatu. Aliporudi, saa tatu na nusu usiku, akaandika "Bonsoir" tu, na jibu likamfikia papo hapo. Alifikiri nilikuwa nimeshika simu nikimngoja. Aliandika ujumbe mrefu, wenye adabu, akanitaja kwa jina, akasema na yeye alinikumbuka kule Likasi na kwamba angependa tuonane nje ya duka. Simu ile ililala kwa mama mwenye duka. Yeye ndiye aliyeusoma, na asubuhi aliusoma tena kwa sauti mbele yetu wote. Niliulizwa nilimwambia nini mtu huyu hata aandike hivi. Fundi hakurudi tena, nami niliwekwa wiki nzima ghalani nikihesabu marobota.

Angetazama juu ya skrini angeona maneno yanayosema kwamba ni akaunti ya biashara. Angejiuliza pia kwa nini ujumbe ulisema "wetu" na "tulikukumbuka", maana anayekupenda hasemi kwa wingi. Hakuwa na nia mbaya, na kama angechukua njia nyingine labda tungezungumza kama watu wazima. Ndiyo sababu, baada ya kulinganisha dalili, inabaki kulinganisha njia.

Njia ya kwanza ni ujumbe kwa namba ya kazi, nayo siipendekezi kwa hali yoyote, kwa sababu hujui nani anasoma. Njia ya pili ni ujumbe kwa namba yake binafsi uliyoipata bila yeye kukupa kwa kusudi hilo. Hiyo ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa atajiuliza umeitoa wapi kabla hajafika kwenye maneno yako matamu. Ya tatu ni kumwomba ana kwa ana akiwa kazini. Ina uwazi, lakini inamweka mahali ambapo hawezi kukataa kwa uhuru: wewe ni mteja, mwenye duka anasikia, wengine wamejipanga nyuma yako. Atakachosema hapo ni "Tutaona", au "Siku hizi niko na kazi nyingi", au atacheka na kukuuliza kama unataka na kitambaa cha kichwani. Yote matatu ni hapana, isipokuwa yeye mwenyewe aongeze siku au saa. Nimewahi hata kusema ndiyo ili mtu aondoke kwenye kaunta, nikajificha wiki iliyofuata.

Njia ya nne ndiyo niliyompa mdogo wangu, nayo ni karatasi. Uandike jina lako na namba yako, na sentensi moja, kwa mfano: "Ningependa tuzungumze siku ambayo huna kazi, usipopenda, hakuna neno, nitaendelea kuja kula kama kawaida." Umpe baada ya kulipa, wakati unatoka, usisimame kungoja asome, na usiiweke ndani ya purbuar, kwa sababu fedha na ombi vikishikana mkononi mwake hatajua ni kipi kinalipia kipi. Ubora wa njia hiyo ni kwamba inageuza ule mpango wa kwanza. Sasa yeye ndiye mwenye kuanza, akiwa nyumbani, bila mwenye duka na bila foleni, na akikaa kimya hapotezi chochote. Akiandika, ameandika kitu ambacho kazi yake haikukilipia.

Upungufu wake ni kwamba unaweza kumkosa mwenye haya, ambaye angependa uanze wewe. Nakubali, lakini mwenye haya huyo, kama yule mwenzangu wa mkasi, kwa kawaida atakuwa amekwisha kukuachia kitu kingine, siku au namba, na hapo ujumbe wako una ruhusa. Ukiwa na ruhusa hiyo uandike mchana badala ya usiku, ujitambulishe kwa jina na mahali mlipokutana, na ujumbe mmoja utoshe. Tiki mbili za buluu zisizofuatwa na neno kwa siku tatu ni jibu kamili.

Mdogo wangu alimpa karatasi Alhamisi. Hadi leo, wiki mbili baadaye, hajapigiwa. Aliniuliza kama abadilishe mkahawa, nikamwambia hapana, kwa sababu kwenye karatasi aliahidi kuendelea kuja kula kama kawaida. Jana alikwenda, akaagiza bukari na samaki, akaitwa Papa, akalipa, akaacha purbuar ile ile ya siku zote.